Siku moja maishani mwangu: naandaa banda la maonyesho

Saa 12 asubuhi, Nansana, karibu na Kampala. Nimeamka kuhesabu makopo ya mafuta ya shea ninayouza, ya kupaka ngozi na nywele. Mafuta yangu yanatoka Lira, kaskazini mwa Uganda. Ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, kwa hiyo joto huyayeyusha upesi. Yakiyeyuka kisha yakapoa polepole, hufanya chembechembe kama za sukari, na mteja akizigusa hudhani yameharibika. Maonyesho ya mtaa yamebaki siku nne.

Saa 3. Uwanjani. Mwenye kugawa nafasi ananionyesha kona iliyo karibu na lango. "Dada, hapa kila mtu atakuona." Ni kweli, lakini kona inatazama magharibi, na tangu saa 8 mchana jua litaingia hadi mezani. Naomba ile ya safu ya pili, iliyoupa mwembe mgongo. Ananishangaa, ananiandikia.

Saa 5. Hesabu. Banda 200,000, hema na meza 60,000, usafiri 40,000, mdogo wangu atakayenisaidia siku mbili 60,000. Jumla ni shilingi 360,000. Kila kopo linaniachia 6,000, kwa hiyo lazima niuze 60 ndipo nirudishe gharama. Mara iliyopita niliuza 41. Pengo hilo hujazwa na wanaonunua baadaye, na hapo ndipo nilipokosea.

Niliweka bakuli la bahati nasibu: andika namba yako, ushinde zawadi. Nikapata namba 130, nikaanza kupiga simu baada ya wiki mbili. Wanne tu ndio walionunua. Wengi hawakunikumbuka hata kidogo. Walitaka zawadi, si mafuta.

Saa 8 mchana. Ndiyo maana leo naandika kadi mpya, bila zawadi. Atakayeandikwa ni yule tu aliyepakwa mafuta mkononi. Kadi ina jina, simu, shida ya ngozi au nywele kwa maneno yake mwenyewe, na mafuta anayotumia sasa yataisha lini. Chini kuna mstari wa kukubali nimpigie, kwa kuwa sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inataka ridhaa ya mwenyewe.

Saa 11 jioni. Mazoezi na mdogo wangu. Anaanza kunisifia mafuta moja kwa moja, namsimamisha. "Muulize kwanza, mama, ngozi inakusumbua wapi? Halafu nyamaza." Anajaribu tena kwa mama wa jirani, ambaye anavuta kanga na kutuonyesha visigino vilivyopasuka. Mdogo wangu anaandika: *visigino, kopo lake linaisha Jumamosi.*

Saa 2 usiku. Nachora safu ya mwisho kwenye kadi: tarehe ya kumpigia. Ya mama huyu naijaza Ijumaa.