Kutoka Dar hadi Dodoma: Dishi Lilelile, Nyuzi Nne Juu

Nilipohamishiwa Dodoma kikazi nilibeba dishi langu la sentimita 80 pamoja na nguzo yake. Satelaiti ninayoitumia ni ya Eutelsat, iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki, ndiyo inayorusha chaneli za Azam TV. Imekaa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na ukishusha mstari kutoka pale ilipo utaangukia jirani kabisa na kisiwa cha São Tomé, huko Ghuba ya Gine. Kwa hiyo sisi wa Tanzania tunaitazama upande wa magharibi, na kadiri unavyotoka pwani kwenda bara ndivyo unavyoisogelea na yenyewe inavyopanda juu.

Nilipiga hesabu kabla ya kushika spana. Kwa Dar es Salaam dishi linatakiwa litazame nyuzi kama 52 juu ya upeo wa macho. Kwa Dodoma ni 56. Upande wa dira haubadiliki sana: miji yote miwili ni takribani nyuzi 281, yaani magharibi, ukielekea kaskazini kidogo. Nyuzi nne ni kitu kidogo kwa macho, lakini dishi la sentimita 80 linaona kipande cha anga chenye upana wa nyuzi mbili tu na ushee. Ningeliacha kwenye 52 ya Dar na kulizungusha kushoto na kulia mchana kutwa, lingepita chini ya satelaiti bila kuigusa.

Kazi ya kwanza ilikuwa nguzo. Niliisimamisha kwa pima maji, nikaipima pande mbili zinazokatana, maana nguzo ikiinama, kila unapozungusha dishi pembeni na mwinuko wake unabadilika, na namba za mwinuko zilizochorwa kwenye kibano cha dishi zinakuwa hazina maana. Mwembe uliokuwa mbele haukunisumbua. Kwa nyuzi 56, kizuizi kilicho mita 5 kutoka kwenye dishi kinaruhusiwa kulizidi kimo kwa karibu mita 7. Dira ya simu niliisomea hatua kadhaa mbali na nguzo na mabati, kwa sababu chuma huivuta.

Jambo moja huwachanganya wengi: ukilitazama dishi la namna hii kwa ubavu, linaonekana limeelekea chini kuliko linakotazama kweli. LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, imekaa kwa chini, si katikati, na mawimbi yanaingia kutoka juu yanadunda kuishukia. Dishi langu likiwa limetega nyuzi 56, sahani yenyewe imelala nyuzi kama 30 tu. Fuata namba za kibano, usifuate jicho.

Tulitoa televisheni na king'amuzi nje kwa waya mrefu wa umeme, shemeji akakaa mbele ya kioo. Kwenye ukurasa wa kutafuta mawimbi kuna mistari miwili: Signal Strength, yaani nguvu, na Signal Quality, yaani ubora. Mara tu tulipounganisha waya, dishi likiwa bado linatazama anga tupu, nguvu ilisoma 68 na ubora 0. Mzee jirani aliyekuja kutusalimia akafurahi: "Mwanangu, si imeshashika hiyo? Sitini na nane!"

"Bado, mzee," nikamwambia. "Hiyo inatuambia LNB imepata umeme na waya ni mzima."

Na ndivyo ilivyo. LNB inakuza sana chochote kinachoingia, na yenyewe ina kelele zake za umeme. Mstari wa nguvu unapima jumla ya vyote hivyo: kelele, mawimbi ya satelaiti nyingine, na yale unayoyataka kama yapo. Ikisoma sifuri kabisa, kagua waya: mara nyingi unywele mmoja wa wavu wa nje umegusa shaba ya kati ndani ya koneka, au king'amuzi hakipeleki umeme kwenye LNB. Zaidi ya hapo usiuulize mstari huo kitu. Ubora ndio unaosema king'amuzi kimeyatambua mawimbi yaliyokusudiwa, na yameizidi kelele kwa kiasi gani. Asilimia zenyewe hazina kipimo cha pamoja, kila aina ya king'amuzi ina hesabu yake, kwa hiyo 70 ya kwako usiilinganishe na 70 ya jirani.

Nilianza kuzungusha. Kwenye nguzo yenye unene wa sentimita 5, kuzungusha nyuzi moja ni kusogea chini ya nusu milimita, kwa hiyo nilibandika utepe kwenye nguzo na kuchora mistari kwa kalamu ili nijue nimetoka wapi. King'amuzi nacho kinachelewa kujibu sekunde mbili tatu. Ukizungusha bila kutulia, utapita satelaiti kabla mstari haujapanda, na shemeji akipiga kelele "hapo hapo!" wewe umeshafika kwingine. Nikawa nasogeza kidogo, naondoa mikono, nahesabu hadi tatu.

Sehemu moja nguvu ilipanda hadi 77, ubora ukabaki 0. Hiyo ni dalili ya satelaiti nyingine; ipo moja nyuzi 5 mashariki, mbili tu kutoka kwetu. Kwetu hiyo iko chini ya ile tunayoitaka, kwa hiyo nikalipandisha dishi kidogo na kulisogeza kaskazini kidogo, ubora ukaruka kutoka 0 hadi 24, picha ikaja imekatikakatika. Nikapanda na kushuka kwa boliti ya mwinuko, nikarudi pembeni, ukafika 63.

Kilichobaki kilikuwa LNB yenyewe, na hapa ndipo eneo letu linapotofautiana na maelekezo mengi ya mtandaoni. Mawimbi ya satelaiti hii husafiri yakiwa yamesimama au yamelala, na LNB lazima ikae kwa pembe hiyohiyo. Sisi tuko karibu na ikweta na tunaitazama satelaiti iliyo mbali magharibi, kwa hiyo mawimbi yake yaliyosimama kwetu yanaonekana kama yamelala: kwa Dar na Dodoma pembe hiyo ni karibu nyuzi 77. Ndiyo maana koneka ya LNB yangu haitazami chini, imelala ubavuni. Kabla ya kuichomoa Dar nilikuwa nimeipigia mstari wa kalamu, nikairudisha palepale.

Shemeji alitaka kujua ingekuwaje kama ingetazama chini. Nikaigeuza. Nguvu ilishuka kutoka 79 hadi 77, ubora ukaanguka hadi 0. Kelele na mawimbi ya upande mwingine bado yanaingia, ila yale tunayoyataka yamefungiwa mlango. Nikairudisha, nikaisogeza kidogo kidogo kupita ule mstari, ubora ukapanda hadi 74. Huko ulipoanza kushuka nikarudi.

Nati nilizikaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, nikiangalia ubora, kwa sababu kukaza upande mmoja kunavuta dishi. Uliteleza hadi 70, nikalegeza, nikarekebisha, nikakaza tena ukabaki 74. Koneka nikaifunga kwa utepe wa mpira isiingie maji.

Kwenye king'amuzi changu picha huanza kukatika ubora ukishuka chini ya 30. Mvua kubwa ya kwanza ya Desemba ilipopiga, nilifungua ukurasa ule nikatazama: nguvu 78, ubora 46. Picha haikukatika. Kwa ubora wa 63 tuliokuwa nao kabla ya kugusa LNB, akiba ingekuwa ndogo mno.