Usingizi wa vipande na usukani wa lori: tulivyojipanga mtoto wetu alipozaliwa

Ninaendesha lori la tela kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, na mke wangu anafanya kazi ya kukata karatasi kwenye mashine ya kiwanda cha uchapaji. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa, sisi wawili tulikuwa na tatizo moja linalofanana. Kila mmoja alikuwa anakaa kitandani saa za kutosha, lakini usingizi wenyewe ulikuwa umekatwakatwa, na asubuhi kila mmoja wetu alikuwa anakwenda kusimamia chombo kinachoweza kuua au kukata kiungo. Ninaandika namna tulivyolimudu jambo hili kwa sababu madereva na waendesha mitambo wengi wenye watoto wachanga huambiwa tu "jitahidi kupumzika", neno ambalo halimwonyeshi mtu afanye nini saa kumi alfajiri gari likiwa tayari limepakiwa.

Jambo la kwanza tulilopaswa kulielewa ni kwamba usingizi una mizunguko, na kila mzunguko huchukua takriban dakika 90. Mtoto anayelia kila baada ya saa moja na nusu au mbili humrudisha mzazi mwanzo kila mara, kwa hiyo saa saba za kitandani zinaweza kuwa na usingizi halisi wa saa tano au pungufu. Deni hilo linapolimbikizana, ubongo huanza kujizima wenyewe kwa sekunde chache, wakati mwingine macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hutembea karibu mita 22 kila sekunde, na kwa sekunde nne tu lori lililobeba mzigo litakuwa limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Katika barabara yetu, ambayo sehemu kubwa ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, mita hizo zinatosha kabisa kuliingiza lori upande wa wanaokuja.

Jambo la pili ndilo lililobadilisha utaratibu wangu wote. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambao washiriki wake walilala saa sita au pungufu kila usiku kwa wiki mbili. Umakini wao ulishuka siku hadi siku mpaka ukafanana na wa mtu aliyekesha hadi siku mbili, lakini wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Maana yake ni kwamba mzazi aliyezoea kuamshwa usiku hawezi kutegemea anavyojisikia ili kuamua kama anafaa kuendesha, kwa kuwa chombo anachokipimia hali yake ndicho kilichoharibika. Kwa hiyo niliacha kujiuliza kama nimechoka, nikaanza kuhesabu.

Kipimo ninachokitumia kilipendekezwa mwaka 2005 na watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kirsty McCulloch. Kina maswali matatu. Je, umelala walau saa tano katika saa 24 zilizopita? Je, umelala walau saa 12 katika saa 48 zilizopita? Na je, muda utakaokuwa macho tangu kuamka hadi mwisho wa kazi utazidi jumla ya usingizi wako wa saa hizo 48? Hivyo ni viwango vya chini kabisa, wala havimaanishi kwamba saa tano zinatosha kuishi nazo. Pia vinahesabu saa bila kujali kama zimekatika, jambo ambalo kwa mzazi ni kubwa, kwa hiyo mimi na mke wangu tuliongeza sharti letu wenyewe: kati ya saa hizo za usiku wa mwisho lazima kuwe na kipande kimoja cha saa nne kisichokatizwa na mtu yeyote.

Safari moja itaonyesha hesabu inavyofanya kazi. Usiku wa kuamkia siku moja kabla ya safari nililala jumla ya saa sita. Usiku uliofuata nililala saa tatu na nusu usiku hadi saa saba na nusu, kipande kizima cha saa nne, kisha mtoto akaamka, nikapata tena saa moja na nusu kabla ya kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kwa saa 24 nilikuwa na saa tano na nusu, yaani swali la kwanza nilipita. Kwa saa 48 nilikuwa na saa kumi na moja na nusu, nusu saa chini ya kiwango. Nilijisikia mzima kabisa, na kama ningefuata hisia ningeondoka alfajiri ile. Nilifika yadi, nikamweleza afisa usafirishaji kwamba nitalala saa moja ndani ya kebini kabla ya kuondoka, na nikatoka saa mbili na nusu asubuhi nikiwa na saa kumi na mbili na nusu mkononi. Kwa swali la tatu ninahesabu tangu nilipoamka usingizi mkuu, si tangu kile cha yadi, kwa sababu ninapendelea hesabu inayoninyima kuliko inayonipendelea. Kutoka saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili na nusu huishia saa kumi na moja na nusu jioni. Huo ndio ulikuwa ukomo wangu wa siku, kwa hiyo nilipanga kulala Mikumi mjini badala ya kujisukuma hadi Ruaha Mbuyuni na kujikuta ninapanda mlima wa Kitonga giza likiwa limeingia.

Kulikuwa na kipindi kimoja cha hatari ndani ya ratiba hiyo. Mwili wa binadamu hushuka mara mbili kwa siku: kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na tena kwa kiasi kidogo kati ya saa nane mchana na saa kumi alasiri. Nilifika Morogoro mapema kidogo ya saa nane mchana, nikaegesha, nikanywa kahawa nzito, na papo hapo nikajilaza dakika 20 nikiwa nimetega kengele ya simu. Kahawa huchukua takriban nusu saa kuanza kufanya kazi, hivyo mtu anaamka wakati inapomshika. Dakika 20 zinatosha, kwa sababu anayelala zaidi huingia kwenye usingizi mzito na kuamka akiwa na uzito wa kichwa unaoweza kudumu hadi nusu saa, hali ambayo ni hatari sawa na usingizi wenyewe. Baada ya kuamka sikuwasha gari mara moja. Nilizunguka lori nikigonga matairi na kukagua kamba za turubai kwa muda wa robo saa, ndipo nikaingia barabarani. Njia hii hununua saa moja au mbili tu. Usingizi ukirudi baada ya hapo, kahawa ya pili haitausukuma mbali, na ikinywewa jioni itaharibu hata usiku ule mmoja ambao ungelala bila mtoto kulia. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio nako ninakuona ni kudanganyana, kwa kuwa humchangamsha mtu kwa dakika chache kisha usingizi hurudi palepale.

Tandiboi wangu nilimpa mamlaka ambayo kwa kawaida hapewi. Nilimwambia aangalie mambo ambayo dereva mwenyewe hayaoni: kupiga miayo mfululizo, mwendo kupanda na kushuka bila sababu, tairi kugusa mstari wa pembeni, au kutomjibu anapotaja kibao cha mizani kilichopita. Akiona mawili kati ya hayo anasema, "Suka, paki," nami ninaegesha mahali salama pa kwanza bila kubishana naye.

Nyumbani kazi ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu kipande changu cha saa nne kilikuwa kinatoka kwenye usiku wa mke wangu. Baada ya safari ile, siku mbili kabla ya kila safari nilikuwa ninalala kwa kaka yangu mtaa wa pili, na shemeji au mama mkwe anabaki kumsaidia. Nikirudi, usiku wa kwanza ninalala ili kulipa deni la njia, kisha usiku unaofuata mtoto ni wangu kuanzia saa tatu usiku hadi saa saba. Mke wangu hukamua maziwa mchana na kuyahifadhi kwenye friji, mimi ninampa mtoto kwa kikombe, na yeye analala chumba cha mtoto wetu mkubwa mlango ukiwa umefungwa.

Kwake hatari ina sura nyingine. Mashine ya kukata karatasi hushusha kisu pale tu vitufe viwili vinapobonyezwa kwa mikono yote miwili, kwa hiyo mtu hawezi kukatwa kirahisi akiwa anakata. Ajali hutafuta nafasi wakati wa kubadilisha kisu, wakati wa kuondoa vipande vilivyonasa, au pale mtu anapofunga kitufe kimoja kwa gundi ili kazi iende haraka. Aliyelala kwa vipande husahau hatua: anaingiza mkono kabla ya kuzima umeme, akiamini kwamba ameshazima. Alikubaliana na msimamizi wake kwamba asubuhi ambayo hesabu yake haifiki saa tano anakwenda meza ya kuhesabu na kufunga vitabu, na kazi ya kubadilisha kisu haifanyi kabisa siku hiyo.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilitusaidia kwa sehemu. Inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi saa 12 za mapumziko mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Baba ana siku tatu. Mtoto haanzi kulala usiku mzima ndani ya siku tatu, na posho yetu hulipwa kwa safari, kwa hiyo dereva anayeomba kuchelewa kutoka anaomba kwa gharama yake. Kuna safari iliyopewa dereva mwingine kwa sababu hesabu yangu ilikataa, na posho yake ikaenda. Niliumia kwa hilo, na bado naona waajiri wangepaswa kuihesabu siku kama hiyo kuwa siku ya ugonjwa.

Kilichobaki bila dawa ni foleni ya mpakani Tunduma. Pale lori husogea kidogo usiku kucha, na mtu aliyefurahia kulala mbali na kilio cha mtoto anajikuta anaamshwa na honi kila baada ya nusu saa. Usiku wa foleni siuandiki kwenye daftari kama usingizi hata kama nilifumba macho kati ya msogeo na msogeo. Nikishavuka mpaka, ninaegesha na kulala kwanza, kisha ninaanza hesabu upya.