Jedwali langu la korosho na nyota niliyogoma kuiongeza

Ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu jedwali la rigresheni nilipewa kwa nia njema kabisa, na mwenzangu wa hapa hapa Mtwara. "Dada, unahangaika nini? Gawanya koefishenti kwa kosa sanifu. Ikizidi 1.96 weka nyota mbili. Chapa kwenye Word, tuma, tukale." Nilimwambia atangulie kula.

Makala yangu ilihusu mavuno ya korosho ya kaya za vijiji 24 vya Newala na Tandahimba. Vijiji vingine vilipata mafunzo ya kupuliza salfa, vingine havikupata. Sasa, wakulima wa kijiji kimoja wananyeshewa mvua ileile na wananunua salfa kwenye chama kimoja cha msingi, kwa hiyo huwezi kuwahesabu kama watu wasiojuana. Makosa sanifu lazima yakokotolewe kwa klasta ya kijiji. Bila klasta, kosa sanifu la mafunzo lilikuwa 0.031 na nyota tatu, alama za uzito wa kitakwimu, zilimeremeta. Nilipoweka klasta likapanda hadi 0.048, koefishenti ikabaki palepale 0.097. Nyota tatu zikawa moja.

Kuchapa kwa mkono sikutaka hata kusikia. Ukiondoa kaya mbili zenye takwimu za ajabu, namba zote zinabadilika, nawe unaanza upya. Mimi natumia Stata na amri ya esttab:

```
esttab m1 m2 m3 using jedwali2.rtf, replace ///
  b(3) se(3) star(* 0.10 ** 0.05 *** 0.01) ///
  indicate("Wilaya = *.wilaya") label
```

Hiyo `se` msiisahau. Usipoiandika, esttab inaweka thamani ya t ndani ya mabano, na msomaji atadhani 2.02 ndilo kosa sanifu la 0.097. Ukikuta jedwali ambalo namba za mabano zinazidi kukua kadiri nyota zinavyoongezeka, ujue mwenyewe kapitiwa hapo. Na `star` nayo iandike mwenyewe, kwa sababu usipoitaja, programu inaanzia asilimia 5, kisha 1, kisha 0.1, wakati majarida mengi ya uchumi yamezoea 10, 5 na 1. Mstari wa `indicate` unafuta koefishenti za wilaya na kuacha neno moja tu la kuonyesha zimo. Mistari ya wima sikuweka hata mmoja. Desimali nilizipanga kwa tabo ya desimali ya Word, si kwa kubonyeza spesi kama wapenzi wa mateso.

Basi majibu ya jarida yakaja. Mhakiki wa pili, mtu makini, alikuwa na kikokotoo. Akaandika kwamba 0.097 kwa 0.048 ni 2.02, inazidi 1.96, iweje nyota ni moja? Akashauri nirekebishe. Mwenzangu akacheka mpaka akakohoa: unapewa nyota ya bure, unakataa?

Nilikataa. Hiyo 1.96 inatoka kwenye mgawanyo wa kawaida, unaofaa klasta zikiwa nyingi. Ukiwa na klasta 24, Stata inatumia mgawanyo wa t wenye digrii za uhuru 23, yaani klasta kasoro moja, hata kama kaya ni mia kadhaa. Kizingiti cha asilimia 5 hapo ni 2.07. Sijafika. Jibu langu kwa mhakiki lilikuwa na mstari mmoja ambao yeyote angeweza kuuchapa:

```
display 2*ttail(23, 0.097/0.048)
```

Inatoka takriban 0.055. Kwa mgawanyo wa kawaida ingekuwa 0.043, na hapo ndipo nyota yake ya pili ilipotokea. Nikaongeza kwamba klasta 24 ni chache hata kwa mgawanyo wa t, kwa hiyo nimepima tena kwa `boottest`, amri ya bootstrap ya klasta, na thamani ya p inayotokana nayo nimeiweka kwenye mabano ya mraba chini ya kosa sanifu, isichanganywe na mabano ya kawaida.

Nikaandika upya pia maelezo ya chini ya jedwali: makosa sanifu yako ndani ya mabano, yamekokotolewa kwa klasta ya kijiji, klasta 24, thamani za p zinatokana na mgawanyo wa t. Ule mstari ungekuwepo tangu mwanzo, mhakiki asingetoa kikokotoo. Alikubali bila neno la ziada, nami nikatembea kifua mbele ofisini wiki nzima.

Sasa mwenzangu ana makala yake, na anataka kuipeleka American Economic Review. Nimemfungulia mwongozo wao wa waandishi: nyota hawazitaki kabisa, wanataka makosa sanifu kwenye mabano. Kwenye amri yake nimemfutia `star`, nikamwekea `nostar`. Amenuna.