Mahojiano mawili ya soko la Kadutu

Wakati huo nilikuwa fundi wa redio moja ya jamii hapa Bukavu. Kurekodi tulirekodia kwenye kompyuta ya Linux, kuhariri kukafanyika kwenye Windows, na kati ya hizo mbili kulikuwa na diski ya nje yenye mfumo wa faili wa NTFS, niliyoijaza kila jioni kwa rsync, programu ya kunakili faili.

Asubuhi moja mhariri wetu aliniita. "Yaya, hizi faili mbili ni kitu kimoja. Nafuta moja, nafasi imeisha."

Kwenye skrini yake kulikuwa na `kadutu-soko.wav` na `Kadutu-Soko.wav`. Alifungua ya kwanza, akasikika mama muuza sombe. Alifungua ya pili, mama yuleyule, maneno yaleyale. Nilimwomba asifute kitu kwanza, nikaichomeka diski kwenye Linux na kuandika `ls -l`. Ukubwa ulikuwa tofauti. Nilipoisikiliza ya pili, aliyezungumza alikuwa kijana mbeba mizigo. Waandishi wawili walikwenda soko moja, kila mmoja akaandika jina kwa mkono wake.

NTFS yenyewe haikatai majina hayo mawili kukaa pamoja, na Linux iliyaandika bila kulalamika. Windows ndiyo inayotafuta faili bila kutofautisha herufi kubwa na ndogo. Inaorodhesha zote mbili, lakini ukibofya yoyote, inafungua ileile moja. Hata kufuta kunapitia njia hiyo: unagusa jina hili, linaondoka lile. Ndiyo maana moyo ulinidunda nilipofikiria kidole cha yule dada kingali juu ya kitufe.

Nikatafuta mapacha wengine kwenye hifadhi nzima:

```
find . | sort -f | uniq -iD
```

Amri hii huonyesha majina yote yanayotofautiana kwa ukubwa wa herufi tu. Yalitoka mengine, na kati yake folda, jambo baya zaidi, kwa sababu humo ndani faili za folda moja hazifikiki kabisa kutoka Windows.

Diski ile nilikuwa naiunganisha kwa chaguo la `windows_names` la ntfs-3g, programu inayoiwezesha Linux kusoma na kuandika NTFS. Linazuia alama ambazo Windows haikubali, kama nukta mbili katika `14:30`, na jina linaloishia kwa nukta au nafasi. Mapacha wa herufi haliwagusi, kwa hiyo amri ile nikaiweka itangulie rsync kila jioni.

Faili ya kijana nikaiita `kadutu-mbeba-mizigo.wav` kwenye Linux, nikanakili upya. Lakini rsync bila `--delete` haiondoi jina la zamani upande wa pili, na pacha akabaki kwenye diski. Huyo nilimfuta nikiwa Linux, ambako kila jina lina faili yake. Mchana mhariri akafungua zote mbili, akasikia sauti mbili, akaanza kukata.