Kununua au kukodi kinu cha mahindi: jinsi nilivyotatua hesabu iliyopinda

Kiwanda cha unga Jinja kilitaka kinu cha milioni 100. Benki ingekopesha kwa riba ya 20%, na mwenye mashine angekodisha kwa milioni 34 kila mwisho wa mwaka, miaka 4. Jedwali lao lilisema kukodi ni nafuu kwa karibu milioni 11.

Tatizo lilikuwa kipunguzo, yaani kiwango cha kushusha fedha za miaka ijayo hadi thamani ya leo. Walipunguza fedha kwa 20%, ilhali riba hupunguza kodi ya kampuni ya 30%. Gharama halisi ya mkopo ni 20% × (1 − 0.30) = 14%. Riba yenyewe usiiweke tena kwenye mtiririko wa fedha, kwa kuwa kipunguzo kimeshaibeba.

Kodi ya pango baada ya nafuu ya kodi ya mapato ni milioni 23.8 kwa mwaka. Kwa 14% thamani yake leo ni 69.4.

Kununua: uchakavu wa 30% kwenye salio huokoa kodi ya milioni 9, 6.3, 4.4 na 3.1, yaani 17.5 kwa thamani ya leo. Kinu kikiuzwa kwa 24, karibu sawa na salio la vitabuni, ongeza 14.2. Gharama halisi: 68.2.

Kununua kunashinda, lakini kidogo mno. Bei ya kuuzia ikishuka hadi takriban milioni 22, faida inatoweka, kwa hiyo ulizia bei za vinu vilivyotumika kabla ya kusaini. Hesabu hii ni ya ukodishaji wa kawaida tu. Katika ukodishaji wa kifedha, mkodi huhesabiwa kama mmiliki.