Mvua ya Mwezi wa Nane

Ripoti ya robo ya Julai hadi Septemba 2022 ilitakiwa imfikie mfadhili kabla ya tarehe 15 Oktoba. Mimi nilikuwa nimeajiriwa Septemba hiyohiyo kama afisa ufuatiliaji na tathmini wa mradi wa maji vijijini, mkoani Singida. Mradi ulikuwa na vijiji vitatu, na kila kijiji kilipangiwa kisima kirefu, pampu ya sola, tenki na vituo vya kuchotea maji. Rasimu niliikuta kwenye kompyuta ya ofisi, imeshajazwa kutokana na taarifa za mkandarasi. Niliambiwa niisome, ninyooshe lugha, niitume.

Jedwali la viashiria lilikuwa linapendeza. Vituo vya kuchotea maji: lengo 22, vilivyojengwa 20, sawa na asilimia 91. Mstari wa chini yake, watu waliofikiwa na maji safi: lengo 5,500, waliofikiwa 5,000. Asilimia 91 tena. Hapo ndipo niliposita. Ujenzi na huduma ni vitu viwili, na kwa kawaida huduma huburuza miguu nyuma ya ujenzi. Asilimia zikiwa pacha namna ile, ujue mtu hakuhesabu watu. Amechukua idadi ya vituo akaizidisha.

Alizidisha kwa 250. Namba hiyo inatoka kwenye Sera ya Taifa ya Maji ya 2002: kituo kimoja kihudumie watu 250, mtu asitembee zaidi ya mita 400 kukifikia, na apate lita 25 kwa siku. Ni kipimo kizuri cha kupanga mradi. Lakini kinamwambia mhandisi ajenge vituo vingapi. Hakimwambii mtu yeyote kama jana maji yalitoka.

Nikaenda kwenye safu ya ucheleweshaji. Kijiji cha tatu kilikuwa hakijafungiwa pampu, na sababu iliyoandikwa ni “mvua kubwa kuharibu barabara”. Hatua ya kurekebisha: “kuimarisha ufuatiliaji wa karibu”. Nikafungua ripoti ya robo ya kwanza ya mwaka, Januari hadi Machi. Maneno yaleyale, koma kwa koma. Machi yaliingia akilini. Lakini Singida mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili hivi. Julai mpaka Septemba ni vumbi tupu.

Nilimpigia mhandisi wetu wa uwandani.

“Mvua gani mwezi wa nane, dada?” akaniuliza. “Barabara ni kavu, hata baiskeli inafika. Pampu iko stoo. Haifungiki.”

Tulikwenda naye kijijini, akanionyesha karatasi za majaribio ya kisima. Mkataba ulipangwa hivi: kuchimba, kununua pampu na kujenga vyote vimo ndani ya zabuni moja, na pampu iliagizwa mapema kwa makadirio kwamba kisima kitatoa lita 8,000 kwa saa. Kisima kilipochimbwa, kikavutwa maji kwa saa 24 mfululizo huku wakipima kina, kilionekana kinaweza kutoa lita 3,200 kwa saa tu bila maji kuendelea kushuka. Ukifunga pampu ya lita 8,000 pale, inavuta haraka kuliko maji yanavyoingia, kina kinashuka mpaka kwenye pampu yenyewe, inazunguka bila maji na kuungua. Mhandisi alikuwa sahihi kuikataa. Tatizo ni kwamba ukweli huo ulibaki kwenye karatasi zake, na ripoti ikaendelea kunyesha mvua.

Tulikaa ofisini kwa mtendaji wa kijiji tukapiga hesabu. Sola, kwa saa zake nzuri za jua, tuliichukulia saa sita kwa siku. Lita 3,200 mara sita ni lita 19,200. Gawanya kwa lita 25 za kila mtu, unapata watu 768. Kijiji kile kilipangiwa vituo 10 na rasimu ilikuwa tayari imekihesabia watu 2,000 kwa vituo 8 vilivyosimama. Vituo vile nilivipitia vyote kimoja kimoja. Saruji nzuri, koki mpya, chini yake pakavu kabisa. Akina mama walikuwa bado wanachota kwenye madimbwi ya mtoni, wanafukua mchanga. Hao ndio tuliokuwa tukitaka kumwandikia mfadhili kwamba wamefikiwa.

Vijiji viwili vya kwanza vilikuwa na maji, na daftari za mita za jumuiya ya watumia maji zilithibitisha. Hata hivyo kimoja kilikuwa na vituo 6 na wakazi 1,310; huwezi kukihesabia 1,500, watu hawazidi waliopo. Sensa ilikuwa imefanyika Agosti ileile lakini matokeo yalikuwa hayajatangazwa, kwa hiyo nilitumia daftari la wakazi la kijiji na nikaandika hivyo chini ya jedwali. Kijiji cha pili kilikuwa na vituo 6 na wakazi zaidi ya 2,000, hivyo nikachukua 1,500. Kijiji cha tatu, sifuri. Jumla watu 2,810 kati ya 5,500. Asilimia 51.

Meneja aliisoma akiwa amesimama. “Dada, awamu ya fedha inayofuata inategemea ripoti hii. Asilimia 51 watatuuliza.”

“Watatuuliza, meneja. Na majibu tunayo.”

Kilichomtuliza, naamini, ni safu ya hatua za kurekebisha. Mimi na mhandisi tuliifuta yote tukaiandika upya. “Kuimarisha ufuatiliaji” si hatua. Hakuna atakayejua siku ilipokamilika. Tuliandika kwamba mkandarasi abadilishe pampu iwe ya uwezo wa lita 3,200, mhandisi akisimamia, mwisho Desemba. Kwamba kijiji kiunganishwe na umeme wa gridi, kwa kuwa nguzo zilikuwa zimeshafika shuleni, ili pampu iendeshwe saa 14: hapo inapatikana lita 44,800, yaani watu 1,792. Kwamba vituo viwili vilivyobaki visijengwe, na fedha yake ihamishiwe kwenye umeme, tukiomba idhini ya mfadhili humohumo kwenye ripoti. Na kwamba katika vijiji vitakavyofuata pampu isiagizwe kabla majibu ya kisima hayajapatikana. Kila mstari ulikuwa na mhusika, tarehe na gharama.

Tuliituma tarehe 14. Mfadhili alijibu baada ya wiki moja na zaidi, na kuhusu asilimia 51 hakuuliza lolote. Aliuliza: bili ya umeme atalipa nani mradi ukiisha? Lilikuwa swali la haki. Tulirudi kwa jumuiya ya watumia maji, wakafanya mkutano, wakakubaliana bei ya ndoo kwa kuzingatia kwamba usiku pampu itatumia umeme na mchana sola. Muhtasari wa mkutano wenye sahihi tukauambatisha, na idhini ya kuhamisha fedha ikatoka.

Pampu ndogo ilifungwa kabla ya Krismasi. Nilipokusanya ripoti ya Oktoba hadi Desemba, mtu wa uhasibu alinishauri nikihesabie kijiji cha tatu watu 1,792, maana maji sasa yanatoka. Umeme ulikuwa bado. Nikaandika 768, na kwenye safu ya sababu: mita ya umeme haijafungwa, ombi limelipiwa, anayefuatilia ni mhandisi, mwisho Februari.