Siku moja na sura ya usafirishaji: ramani niliyoichora mara tatu

Saa 11 na nusu alfajiri

Mama anakoroga uji, mimi nimekaa kwenye kigoda na daftari mapajani. Mwaka huu narudia baiolojia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na sura inayonisumbua ni ya usafirishaji wa vitu ndani ya viumbe hai. Nimeisoma mara tatu. Nikiulizwa ina nini, nasema moyo, kisha nanyamaza.

Basi nikaamua kuichora sura kama ramani: nikaandika MOYO katikati ya ukurasa, nikauzungushia duara, nikatoa matawi: vyumba, vali, mishipa, damu. Dakika kumi za kwanza kalamu ilikimbia yenyewe. Nikafungua ukurasa wa pili wa sura, nikakutana na zailemu na floemu, mirija inayobeba vitu ndani ya mimea. Hizi nizitundike wapi? Nikachomoa tawi kwenye moyo, nikaandika "mimea". Nikalitazama. Mwembe una moyo? Nikachana karatasi.

Kumbe nilichagua moyo kwa sababu ndio wenye mchoro mkubwa kwenye kitabu. Basi.

Saa 2 asubuhi

Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Asubuhi ni foleni tupu: vyeti vya kuzaliwa, barua za maombi, mzee mmoja anayetaka nakala ya hati ya kiwanja lakini hataki niiguse. Mashine ikameza karatasi mbili za A3 na kuzitoa zimekunjamana, zimechapwa upande mmoja tu. Bosi huturuhusu kuchukua zilizoharibika. Nikazinyoosha chini ya boksi la rimu.

Saa 4

Wateja wamepungua. Sikuanza na kuchora, nilianza na swali: sura hii yote inajibu nini?

Ameba, kiumbe wa seli moja tu, hana moyo wala mishipa, na anaishi. Oksijeni inaingia kwa difyusheni, yaani inasambaa yenyewe kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo chache, kupitia utando wake, inafika kila mahali kwa sababu hakuna mahali palipo mbali. Sasa chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Eneo la nje ni 6, ujazo ni 1. Ukuze hadi upande wa sentimita 10: eneo la nje 600, ujazo 1,000. Mwanzoni kila kipimo kimoja cha ndani kilikuwa na vipimo sita vya ngozi ya kupokelea, sasa hakipati hata kimoja, kinapata 0.6. Na seli ya katikati imekuwa mbali na nje. Difyusheni peke yake haiwezi kuihudumia kwa wakati.

Hapo nikapata kitovu. Katikati ya A3 nikaandika: "Mwili mkubwa unafikishaje vitu kwa kila seli?" Mwembe unaingia, mbuzi anaingia, na mimi naingia. Moyo umeshuka cheo, umekuwa jibu mojawapo.

Saa 5 na nusu

Matawi makuu. Kitabu kina vichwa vidogo vingi, na kishawishi ni kuvihamisha vyote vilivyo, kila kimoja tawi lake. Ukifanya hivyo umenakili yaliyomo, hujapanga kitu.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni matawi mawili, mamalia na mimea. Ni rahisi, kila kitu kina kwao, lakini zailemu inakaa ncha moja ya karatasi na ateri ncha nyingine, hazionani kabisa. Maswali yanayoniangusha ni yale ya "linganisha". Kwa hiyo nikachukua ya pili, matawi matatu: nini kinabebwa, kinapita njia gani, nguvu gani inakisukuma. Mamalia kwa kalamu nyekundu, mimea kwa kijani, ndani ya tawi lilelile. Gharama yake ni kwamba moyo umegawanyika: kuta na vyumba viko kwenye njia, kusinyaa kwake kuko kwenye nguvu. Nimekubali hasara hiyo.

Saa 7 mchana

Wali maharage na dada Zawadi, tunayefanya naye kazi. Yeye alisoma sayansi, akaivuta karatasi kwa mkono usio na mchuzi.

"Hapa umeandika ateri, halafu chini yake 'damu yenye oksijeni nyingi'."

"Ndiyo, dada."

"Na ateri inayotoka moyoni kwenda mapafuni?"

Nikakaa kimya. Hiyo inabeba damu ambayo imeshaacha oksijeni yake mwilini, ndiyo maana inapelekwa mapafuni. Na vena inayorudi kutoka mapafuni ndiyo yenye oksijeni tele. Kosa langu lilikuwa la ngazi: nilichukua jambo ambalo ni kweli kwa ateri nyingi, nikalifanya ndio maana ya ateri. Kinachoifanya iitwe ateri ni uelekeo, yaani kutoka moyoni. Vena ni kurudi moyoni.

Kuanzia hapo kila neno nililoliweka chini ya lingine nililipima kwa swali moja: hili ni kweli kwa kila kilicho chini ya mzazi wake? "Ukuta mnene wenye misuli" ulipita, ukabaki kwenye ateri. "Oksijeni" ilihamia tawi la kinachobebwa, ikapata mishale miwili ya nukta hadi kwenye mishipa ile miwili ya mapafu.

Saa 9 alasiri

Vali zimenitesa. Ni njia au ni nguvu? Vali haisukumi chochote, inazuia damu isirudi nyuma, kwa hiyo nikaiweka kwenye njia. Lakini damu ya miguuni inapandaje, na shinikizo kwenye vena ni dogo? Misuli ya miguu ikijikaza inaminya vena, na vali zinaifanya damu iende upande mmoja tu. Nikavuta mshale wa nukta kutoka vali hadi "misuli ya miguu" kwenye nguvu. Mishale ya aina hiyo ilikuwa minne sasa. Nikajiwekea mpaka wa sita, ikizidi hapo karatasi inageuka wavu wa samaki.

Saa 10 tukafagia, saa 11 tukafunga.

Saa 2 usiku

Ramani nimeigeuza uso chini, nimechukua A3 ya pili, nachora upya bila kutazama. Kitovu kimekuja, matawi matatu yamekuja, nyekundu yote ikajaa. Kijani kwenye nguvu nikaandika "mvukizo wa majani" kwa zailemu na floemu zote mbili.

Nikafunua ya kwanza, nikaona pengo: pale kwenye floemu palikuwa patupu tangu mchana, na sikugundua. Mvukizo unavuta maji ndani ya zailemu, kutoka mizizini kwenda juu. Floemu inabeba sukari kutoka majani, na sukari ikijaa ndani yake maji yanaifuata kwa osmosisi, shinikizo linapanda, utomvu unasukumwa hadi kwenye mizizi au matunda. Ya kwanza inavuta, ya pili inasukuma. Ndiyo maana ukibandua pete ya gamba kwenye shina, uvimbe hutokea juu ya pete: sukari imezuiwa kushuka. Majani hayanyauki siku hiyohiyo, kwa sababu zailemu iko ndani zaidi, kisu hakijaifikia.

Nikajaza kwa kalamu ya zambarau, rangi niliyoitenga kwa nilivyosahau, nikaibandika karatasi juu ya kitanda. Mama akapita na taa, akasimama.

"Mbona moyo na mti umewaweka nyumba moja?"

Nikamwambia akae, nikaanzia kwenye ameba.